Asilimia 70, kisha 30, kisha 60: nilivyobaini betri iliyochoka

Vipokea sauti vyangu visivyo na waya vilikuwa vinakaribia kutimiza miaka mitatu nilipoona kile cha sikio la kulia kinaanza kunichanganya. Simu ilionyesha kina chaji ya asilimia 70, nikazungumza na dada yangu kwa dakika nne hivi, kikashuka hadi 30. Nilipomaliza mazungumzo nikakiacha mezani, nje ya kasha lake, na baada ya muda mfupi kikasomeka 60. Kwa kuwa hakuna chaji iliyoingia, nilijua kwamba tarakimu zile hazikuwa zikieleza kiasi cha umeme kilichobaki.

Nilianza na mambo mepesi. Nilifuta muunganisho wa Bluetooth na kuunganisha upya, kisha nikaviacha vizime kabisa na kuvichaji hadi vijae, mara mbili. Hilo husaidia pale ambapo kifaa huhesabu umeme unaoingia na kutoka, kwa sababu hesabu yake hupotea polepole na kuhitaji kuanza upya. Vyangu havikubadilika hata kidogo. Niseme pia kwamba kushuka kutoka 70 hadi 60 kwa mkupuo si hitilafu, kwani vipokea sauti vingi hupeleka taarifa kwa simu kwa hatua za asilimia kumi kumi. Kilichonisumbua mimi ni kushuka hatua nne kwa wakati mmoja na kupanda tena.

Ndipo nikaamua kupima kwa saa. Nilijaza vyote viwili, nikavaa kimoja kimoja kwa siku tofauti, nikicheza muziki uleule kwa sauti ya nusu hadi kizime. Cha kushoto kilidumu saa 3 na dakika 20. Cha kulia kilizima baada ya saa 1 na dakika 5, na kilizima huku simu ikionyesha asilimia 20. Hapo shaka iliniisha: simu haikuwa na kosa.

Nilikipeleka kwa fundi mmoja wa Kariakoo, ambaye alikifungua kwa kupasha gundi joto na kutoa betri ndogo ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 12. Aliipima kwa mita ikiwa imetulia, ikasoma volti 3.92. Kisha aliiunganisha na rezista ya omu 100 ili ifanye kazi kidogo, na papo hapo ikaanguka hadi volti 3.68. Betri mpya ya aina ileile, iliyokuwa na volti 3.92 pia, ilishuka hadi 3.88 tu. Nilipopiga hesabu nyumbani niliona kwamba ukinzani wa ndani wa betri yangu, yaani kiasi ambacho betri yenyewe huzuia umeme kupita, ulikuwa umefikia kama omu 6.5, ilhali mpya ilikuwa na takribani omu moja.

Siri yote imo katika tofauti hiyo. Vipokea sauti vya namna hii hukadiria chaji kwa kuangalia volti, na betri za lithiamu hutumia sehemu kubwa ya chaji yao huku volti ikiteremka kidogo sana, kiasi kwamba volti 3.92 humaanisha karibu asilimia 70 na 3.68 humaanisha chini ya robo. Betri inapochoka hupoteza ujazo, na pamoja na hayo ukinzani wake wa ndani huongezeka. Kila maikrofoni inapowaka au sauti inapopandishwa, mkondo huongezeka, volti huanguka ndani ya betri yenyewe, na kipimo hudhani kwamba chaji imekwisha. Mzigo ukipungua volti hupanda tena, na asilimia "hurudi". Kuzima mapema nako kumetokana na hilohilo: volti iligusa kiwango cha chini cha usalama wakati umeme kiasi ungalimo.

Kuhusu kwa nini cha kulia kilitangulia, kosa ni langu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikichomoa hicho peke yake kila ninapopigiwa simu na kukirudisha kwenye kasha mara moja, kwa hiyo kimetumika na kuchajiwa mara nyingi mno kuliko mwenzake.

Fundi aliweka betri mpya iliyokuja na vipande vyake vya kuunganishia, maana kuchomelea risasi moja kwa moja juu ya betri ndogo kama ile huiunguza na ni hatari. Siku iliyofuata nilirudia kipimo changu cha saa: cha kulia kilidumu saa 3 na dakika 50, kikishuka hatua kwa hatua bila kuruka. Sasa ni cha kushoto ndicho kinachozima kwanza.