Mota Iliyokubali Staa Ikakataa Delta

Mama mwenye mashine ya kusaga pale Makambako alinipokea kwa onyo: "Fundi, usije ukaniuzia taima nyingine." Alikuwa ameshanunua taima na kontakta zote tatu mpya, na bado mota yake ya kilowati 22 ilikuwa ikiwaka vizuri, inapanda mwendo, halafu ile taima ikibadilisha kutoka staa, mfungo wa kuwashia, kwenda delta, mfungo wa kufanyia kazi, inanguruma na brika inakata papo hapo. Tatizo lilianza mota iliporudi kutoka kusukwa koili upya.

Nilimwuliza kwanza kinachokata ni brika au ovalodi. Ovalodi huchukua sekunde kadhaa kupata joto, na mara nyingi huonyesha mzigo mzito au taima iliyowekwa fupi, mota ikabadilishwa kabla haijafika mwendo. Brika inayokata ghafla huonyesha mkondo mkubwa mno wa mara moja. Hapa ni brika. Tena alikuwa ameshavua mikanda na mota ikakata vilevile ikizunguka tupu, kwa hiyo mzigo sikuuhangaikia. Taima niliirefusha kidogo. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba tulisubiri zaidi kabla ya kukata.

Ikabaki paneli au mota. Kuvitenganisha nilizima umeme, nikafungua nyaya zote sita zinazokwenda kwenye mota, nikafunika ncha zake, kisha nikawasha stata bila mota. Kontakta ya staa ikaingia, kuu ikafuata, muda ukapita, staa ikaachia, kimya kifupi, delta ikaingia. Brika ilitulia. Kipimo hicho nakipenda kwa sababu delta ikiingia kabla staa haijaachia, fezi tatu zinagusana palepale ndani ya paneli, na brika itakata hata kama mota iko nyumbani kwa jirani. Kinachoweza kujificha ni moto unaobaki kwenye kontakti zilizochakaa za staa, maana bila mkondo wa mota hauonekani, lakini hizi zilikuwa mpya.

Nikarudisha nyaya zote mahali pake kama nilivyozikuta. Nikazima brika, nikahakikisha hakuna umeme, nikatoa fyuzi ya saketi ya kuendeshea ili koili za kontakta zisinidanganye kwenye mita. Kijana wa mashine akabonyeza kwa mkono kontakta kuu na ya delta kwa pamoja, mimi nikapima chini ya brika. Delta iliyofungwa sawasawa husoma njia kati ya kila fezi mbili. Mita yangu ya kawaida haiwezi kupima vizuri omu ndogo kama za mota hiyo, ila hapa nilihitaji kujua tu kama njia ipo. Kati ya fezi L1 na L3 ilipiga kelele. L1 na L2, kimya. L2 na L3, kimya.

Koili ya kati ilikuwa na ncha zake mbili, V1 na V2, zote kwenye L2, na koili mbili zilizobaki zote zilikuwa kati ya L1 na L3. Nyaya za U2 na V2 zilikuwa zimepishana kwenye boksi la mota. Staa haiwezi kulifichua kosa hilo, kwa sababu kwenye staa ncha za U2, V2 na W2 zinafungwa pamoja, upange upendavyo. Delta ndiyo inayojali nani yuko wapi.

Nikazibadilisha, njia ikasoma kati ya fezi zote, tukawasha. Mama akashangilia mapema. Mota ilikwenda, lakini ilipowashwa na kuzimwa mara kadhaa brika ikakata tena, si kila mara.

Hapa mafundi wengi hukimbilia brika kubwa zaidi. Mimi niliangalia delta imefungwaje: U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2, kama bamba la mota linavyoonyesha. Si kosa. Ila kile kimya cha kubadilisha, rota bado inazalisha umeme wake, na huo unabaki nyuma ya umeme wa gridi. Delta ya namna hiyo inaipa koili umeme uliotangulia nyuzi 30 mbele ya ule wa staa, hivyo pengo linakuwa kubwa na mkondo unaruka. Nilihakikisha mpangilio wa fezi kwa kipima mzunguko wa fezi, kisha nikasogeza ncha zote tatu hatua moja: V2 kwa L1, W2 kwa L2, U2 kwa L3. Sasa delta iko nyuzi 30 nyuma, karibu na mahali rota ilipoachwa, na mota inazunguka upande uleule. Tukaiwasha na kuizima mpaka ikabidi kusubiri ipoe. Haikukata.

Mama akarudisha mikanda, akamwita mteja wa kwanza, kisha akaniuliza kama kontakta za zamani bado zinauzika. Nilizikagua kontakti zake: nzima kabisa.