Tovuti ya meza zangu, wiki ya nne: kitufe kimeanza kuleta watu

Nachonga meza na viti vya mninga jioni nikitoka kazini, hapa Morogoro. Picha zangu zimezagaa Instagram na kwenye status, ndiyo maana nikajenga tovuti ndogo, kila nikirusha picha naweka kiungo chake. Watu wakaja, wakatazama, wakaondoka. Fomu niliyoweka ilikuwa na visanduku saba, hadi cha bajeti. Kwa wiki tatu ilijazwa mara mbili, na mara moja ni mimi mwenyewe nikiijaribu.

Wiki hii nimeweka kitufe cha WhatsApp chini ya kila kazi. Jaribio la kwanza liliniaibisha. Niliandika namba kama ninavyoitaja mtaani, kwa kuanza na sifuri. Mdogo wangu akabonyeza kwa simu yake, akaambiwa namba hiyo haipo WhatsApp. Namba inatakiwa ianze na msimbo wa nchi, bila sifuri ya mbele, bila alama ya kujumlisha wala nafasi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari%20fundi,%20nimeona%20meza%20ya%20watu%20sita
```

Pale penye X weka tarakimu zako. `%20` ni nafasi kati ya maneno. Mgeni akibonyeza, ujumbe unakuwa umeshaandikwa, yeye anautuma tu. Kila ukurasa nimeupa ujumbe wake, hivyo kabla sijajibu najua ametokea kwenye meza au kwenye kabati. Wapo wanaoufuta na kuandika "mambo", hapo inabidi niulize. Na anayebonyeza kisha asitume haachi namba yoyote kwangu.

Kilichonishangaza zaidi ni bei. Nilikuwa naificha ili waulize. Waliuliza kweli, "bei gani?", nikawajibu, wakapotea. Sasa chini ya picha nimeandika bei ya kuanzia, vipimo na siku za kazi. Ujumbe umepungua, ila umebadilika. Juzi mama mmoja aliandika: "Fundi, sebule yangu ina futi kumi kwa kumi, hiyo meza itaenea?" Futi kumi ni kama sentimita 305. Meza ina 180 kwa 90, viti vitatu kila upande. Nikitoa upana wa 90 zinabaki 215, yaani zaidi ya mita moja kila upande, mtu anavuta kiti na kunyanyuka bila kugonga ukuta. Nilimjibu hivyo, nikaongeza kuwa kwenye ncha hakuna nafasi ya kiti. Akaomba kuja kuiona Jumamosi.

Jina lake nimeliandika kwenye daftari, pamoja na alichokiona na siku ya kumkumbusha. Fomu sijaitoa, maana wengine hupenda barua pepe, ila imebaki na visanduku vitatu: jina, namba au barua pepe, unataka nini.

Bado picha ya kabati ina MB 4, kwenye simu ya shangazi inafunguka kipande kipande. Kesho naipunguza upana hadi pikseli 1200.