Viti 300 vya Harusi ya Mikese

Kamati ya harusi iliingia dukani kwa mjomba, Morogoro mjini, ikiwa imeshajipangia bei: shilingi 300 kwa kiti. Mjomba alikuwa akikodisha kwa 500. Ilikuwa mwanzoni mwa 2015, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo huku nikimsaidia kuosha viti na kuandika daftari.

"Kaka, viti vyenyewe vya plastiki," alisema mweka hazina, mama wa makamo mwenye sauti ya sokoni. "Tunavikalia siku moja tu, unarudishiwa."

Mjomba hakubishana. Alivuta kiti kimoja kikuukuu akapitisha kidole kwenye egemeo, kikatoka na unga mweupe. "Hili ni jua, dada. Plastiki ikishafika hapa, mtu mzito akiegemea nyuma kinapasuka pale mguu unapoungana na kalio." Kisha akafungua daftari. Kiti alikinunua kwa 14,000, na kwa uzoefu wake kilitoka kama mara 60 kabla hakijawa cha kutupwa. Kwa hiyo kila kikitoka, kinakula kama 230 ya uhai wake. Katika 500 zinabaki 270 za waoshaji, wapakiaji, kodi ya stoo na yeye mwenyewe. Katika 300 zinabaki 70. "Hizo sabuni tu inazimaliza," alisema. Harusi inarudisha viti vina pilau na soda iliyogandia. Msiba angalau hurudisha vumbi.

Waligota kwenye 450. Viti 300 vikawa 135,000, maturubai manne kwa 40,000 kila moja yakawa 160,000.

Usafiri ndio uliowasha moto. Mikese ni kama kilometa 30 kutoka mjini, barabara ya Dar, na kamati ilihesabu kwenda na kurudi mara moja. Lakini Kenta inapeleka mzigo Ijumaa na kurudi tupu, halafu Jumapili inakwenda tupu na kurudi na mzigo. Ni kilometa 120, si 60. Mwenye gari alitaka 40,000 kila safari ya kwenda na kurudi, jumla 80,000, na hapo mjomba hakushuka hata shilingi. Punguzo alikuwa tayari kulitoa kwenye faida yake, si kwenye hela ya mtu mwingine. Nimeona wakodishaji wengi wakifanya kinyume: wanasema "usafiri bure" kumvuta mteja, kisha wanapeleka mali yao porini kwa hasara.

Ikabaki amana. Mali yote ilikuwa na thamani ya mamilioni, na hakuna kamati ya harusi inayoweza kuweka fedha hiyo. Mjomba alikadiria kinachopotea kwa kawaida, yaani viti vichache na labda nguzo moja ya turubai iliyopinda, akaandika 120,000. Kwa hasara kubwa zaidi ya hapo alitaka saini ya mwenyekiti wa kijiji. Na bei ya kuvunja iliandikwa kwenye risiti kabla gari halijapakiwa: kiti kilichotumika nusu ya uhai wake, 7,000. Kudai 14,000 kwa kiti kilichochoka aliona ni kumwibia mteja.

Jumapili nilipanda Kenta kwenda kuchukua. Amri ya mjomba ilikuwa kuhesabu palepale uwanjani, kila kiti kikiwa kimegeuzwa. Chini ya kalio tulikuwa tumechoma herufi kwa msumari wa moto, kwa kuwa rangi hukwanguliwa. Hesabu ilitimia: 300. Ila 11 havikuwa na herufi. Vilikuwa na doa la rangi ya bluu, na vilikuwa vimepauka kuliko vyetu vyote.

Wageni walikuwa wamezidi, kamati ikaazima viti vya chama cha kuzikana cha jirani, na chama kilikuwa kimekuja asubuhi kubeba 50 bila kuvigeuza. Mweka hazina alikasirika. "Mdogo wangu, si vimetimia? Kiti ni kiti!" Nikamwonyesha ule unga mweupe kidoleni, akanyamaza.

Vile 11 niliviacha Mikese, nikaandika 289 kwenye risiti, tukasaini wote wawili. Gari kurudi kufuata 11 vyetu lingekula 40,000, zaidi kidogo ya nusu ya thamani ya viti vyenyewe, kwa hiyo mjomba aliishikilia amana akawapa hadi Jumatano wavilete kwa njia yao. Jumanne ilitokea bodaboda na viti 8 vimefungwa mgongoni kwa mpira. Vitatu havikuonekana. Mjomba akakata 21,000, akamhesabia mweka hazina 99,000. Yule mama akazihesabu upya mbele yetu, kisha akauliza turubai moja kwa arobaini ya baba yake lingekuwa bei gani endapo angekuja na gari lake.