Nilivyoandika ufunguo mmoja wa hali kwa bidhaa zote zilizotumika

Duka letu liko Mtwara mjini, na sehemu kubwa ya tunachouza ni vyerehani, friji, feni na pasi ambazo zimekwisha kutumika mahali pengine. Wanunuzi wetu wengi hawafiki dukani. Wako Newala, Tandahimba, Masasi na vijiji vya jirani, wanaona picha kwenye simu, wanatuma pesa, nasi tunapakia mzigo kwenye basi. Fedha za korosho zikianza kuingia mwishoni mwa mwaka, oda huongezeka sana, na mnunuzi wa namna hiyo hana cha kutegemea zaidi ya picha na maneno tuliyoyaandika chini yake.

Maneno hayo yalikuwa yakiandikwa na watu watatu: mimi, binamu yangu anayepokea mizigo, na fundi wetu. Kila mmoja alikuwa na kipimo chake kichwani. Siku moja mama mmoja fundi cherehani wa Newala alinipigia, tukasalimiana, kisha akaniuliza: “Mwanangu, kile cha mwezi uliopita mliandika ‘kizuri sana’, na hiki mmeandika ‘kizuri’. Sasa hiki kibovu kiasi gani?” Swali lake halikuwa na jibu, kwa sababu cherehani kile kiliandikwa na binamu yangu na hiki kiliandikwa na fundi, na kwa kweli hiki cha pili ndicho kilichokuwa kikishona vizuri zaidi.

Nilipokaa kupanga madaraja, nililazimika kwanza kuamua daraja linapima nini. Cherehani chenye rangi iliyochubuka kinaweza kushona bila kasoro, na friji inayong’aa inaweza kuwa haigandishi. Ukivichanganya viwili hivyo katika alama moja, mtu mmoja ataipa friji hiyo alama ya juu kwa uzuri wake, na mwingine atakipa cherehani alama ya chini kwa michubuko yake, nao wote wawili watakuwa wamefuata utaratibu. Kwa hiyo kila bidhaa ina alama mbili: herufi ya mwonekano na tarakimu ya utendaji.

Ufunguo wenyewe, yaani orodha ya maana za herufi na tarakimu hizo, ni mfupi. A maana yake hakuna dosari inayoonekana ukikishika au kukitazama kitu kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, kwenye mwanga wa mchana. B maana yake dosari zinaonekana kwa umbali huo, lakini hakuna hata moja iliyo kubwa kuliko sarafu ya shilingi 200, hakuna ufa, na kutu ikiwapo inafutika kwa kitambaa chenye mafuta bila kuacha shimo. C ni chochote kilichovuka mpaka huo wa B. Upande wa utendaji, 1 maana yake kazi zote za chombo zimejaribiwa na zinafanyika. 2 maana yake kazi kuu inafanyika lakini kuna kazi ndogo isiyofanyika. 3 maana yake kazi kuu haifanyiki, na kitu kinauzwa kwa fundi au kwa vipuri. Kisha kuna X, ambayo si daraja: maana yake hakijajaribiwa.

Chini ya hayo kuna kanuni tatu zinazotumika kwa bidhaa zote. Kasoro kubwa kuliko zote ndiyo inayoamua daraja, wala hatupigi wastani. Ukisita kati ya madaraja mawili, andika la chini. Na kila kitu kisicho A1 lazima tangazo lake litaje sababu iliyokishusha, kwa jina la sehemu na mahali ilipo. Umri wa chombo haumo kwenye daraja, wala bei, wala jina la kampuni iliyokitengeneza.

Nieleze kwa cherehani kimoja cha kanyagio, cheusi, chenye meza ya mbao, tulichokipokea kabla ya msimu. Kazi ya kwanza ilikuwa kukisafisha na kukitia mafuta, kwa sababu uchafu si hali ya chombo na ukipima kabla ya kusafisha unapima vumbi. Kazi ya pili ilikuwa kukiwekea sindano mpya namba 90/14. Sindano butu au iliyopinda huruka mishono, na mtu asiyelijua hilo atakipa cherehani kizima alama 3 kwa kosa la kitu cha bei ndogo kabisa. Baada ya hapo nilishona mstari mrefu juu ya pande mbili za khanga, kisha nikabadilisha sindano kuwa 100/16 na kushona pande nne za kitambaa cha jinsi. Khanga inaonyesha mvutano wa uzi: uzi wa juu ukitengeneza vitanzi upande wa chini, mara nyingi mvutano wa juu umelegea au uzi haukupitishwa sawasawa, na uzi wa chini ukichomoza upande wa juu, mvutano wa juu umezidi au wa bobini umelegea. Kitambaa cha jinsi kinaonyesha nguvu: kama mishono inarukwa hapo ingawa sindano ni mpya na inalingana na kitambaa, huenda sindano na ndoano ya uzi wa chini hazikutani kwa wakati unaotakiwa.

Cherehani hicho kilishona vitambaa vyote viwili bila kuruka. Kilirudi nyuma vizuri, na meno yalivuta kitambaa bila kukipeleka pembeni. Ila kifaa cha kujazia uzi kwenye bobini hakikuzunguka, kwa kuwa mpira wake ulikuwa umekatika. Hiyo ni kazi ndogo isiyofanyika, kwa hiyo alama ni 2, hata kama mpira huo unapatikana kwa urahisi. Kwa mwonekano, kichwa chake kingestahili B, lakini ubao wa meza ulikuwa na ufa kwenye kona ya kulia, na kwa kanuni ya kasoro kubwa, ufa ulikipeleka C. Tangazo likasomeka hivi: “Cherehani cha kanyagio. Hali: C2, ufunguo toleo la 2. C: ufa kwenye ubao wa meza, kona ya kulia. 2: kifaa cha kujazia bobini hakizunguki, mpira umekatika. Kinashona khanga na jinsi bila kuruka.” Tulipobadilisha mpira kikawa C1, na tangazo likabadilishwa siku hiyo hiyo.

Ili kujua kama ufunguo unaeleweka na watu wengine zaidi ya mimi niliyeuandika, nilimwomba binamu yangu na fundi wapime vitu vile vile, kila mmoja peke yake, waandike kwenye karatasi bila kuonyeshana. Walipotofautiana hatukubishana nani ana macho mazuri. Tulitafuta sentensi ya ufunguo iliyoruhusu majibu mawili. Mfano mzuri ulikuwa feni ambayo mmoja aliiita A na mwingine B. Fundi aliipima ndani, chini ya taa, na binamu yangu aliipima barazani asubuhi, ambapo mikwaruzo myembamba kwenye panga zake ilionekana wazi. Ndipo maneno “kwenye mwanga wa mchana” yalipoingia kwenye ufunguo. Sarafu nayo iliingia kwa njia hiyo hiyo, baada ya “mchubuko mdogo” kuwa na ukubwa tofauti kwa kila mtu.

Hata hivyo maneno peke yake hayazuii daraja kulegea polepole. Mzigo mbaya ukija, kitu cha C kinaanza kuonekana kizuri kwa sababu kimezungukwa na vibovu zaidi, hasa wakati oda ni nyingi na kila mtu anataka kuuza. Kwa sababu hiyo tunahifadhi kwenye droo vipande viwili vya chuma kutoka vyerehani vilivyokufa: kimoja ni kibaya kuliko vyote vinavyoweza kuitwa B, na cha pili ni kizuri kuliko vyote ambavyo bado ni C. Vimepakwa mafuta na kufungwa kwenye nailoni ili visiendelee kuharibika. Mwenye shaka anavichukua na kuviweka kando ya kitu anachokipima. Nadhani vipande hivyo vimetusaidia kuliko aya yoyote niliyoandika.

Ufunguo unakaa mahali pamoja, na kila tangazo linauelekeza kwa jina na namba ya toleo. Niliwazuia wenzangu kunakili maelezo ya madaraja ndani ya matangazo, kwa sababu anayenakili hufupisha, anayefupisha hubadilisha, na baada ya muda kila tangazo linakuwa na B yake. Kwa sababu hiyo hiyo toleo la zamani halifutwi wala halisahihishwi. Tulipoongeza sharti la mwanga wa mchana tuliliita toleo la 2, na vitu vilivyopimwa kwa toleo la 1 vilibaki vikitaja toleo la 1 mpaka vilipopimwa upya. Mnunuzi aliyelipa anaweza kusoma maneno yale yale tuliyokuwa tukiyafuata siku tuliyoandika tangazo lake.

Kwa mji wa pwani kama wetu, tarehe ya kupima ni muhimu karibu sawa na daraja lenyewe. Hewa ya chumvi na unyevu wa miezi ya mvua hugeuza kutu ya kufutika kuwa kutu yenye mashimo, hasa kwenye gurudumu na bamba la sindano, pale ambapo rangi au chromu imekwisha toka. Kitu kilichokaa stoo zaidi ya miezi mitatu kinapimwa tena mwonekano kabla ya kupakiwa, hata kama kimekwisha lipiwa. Kikishuka daraja, mnunuzi anaambiwa kwanza, naye ndiye anayeamua kama anakitaka kwa bei mpya au anarudishiwa pesa yake.

Friji ndizo zinazotumia X zaidi. Friji iliyosafirishwa ikiwa imelazwa haiwashwi papo hapo. Inasimamishwa kwa saa kadhaa ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Kisha inawashwa, na ndani yake inawekwa glasi ya maji yenye kipimajoto. Tunasoma baada ya saa 24, na maji yakiwa nyuzi 5 au chini yake, kazi kuu inafanyika. Mpira wa mlango tunaujaribu kwa noti: unaifungia mlangoni, unaivuta, na pakiwa na mahali hata pamoja inapotoka bila kushikwa, mpira umelegea na alama ni 2. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, tunaanza upya, na mpaka likamilike tangazo linabaki na X. Mteja mmoja alitaka tumwandikie 1 kwa kuwa friji “inasikika inafanya kazi”. Mngurumo wa kompresa hauthibitishi kwamba gesi ipo, kwa hiyo akangoja. Hata 1 ya friji haisemi kompresa itadumu muda gani, na sentensi hiyo imo ndani ya ufunguo.

Simu bado hatujaziingiza. Betri yake huweza kuwasha kila kitu siku ya kupima na isifike jioni mikononi mwa mnunuzi, hivyo zinahitaji alama ya tatu ambayo sisi watatu tunaweza kuipima kwa namna moja. Mpaka tuipate, simu tunaziuza dukani tu, kwa mtu anayezishika mwenyewe.