Siku Umati Ulipoimbishwa Washington

Novemba 1969 nilikuwa mwanafunzi Washington, nikikaa nyumba ya kupanga na kijana mmoja Mmarekani mweusi ambaye kaka yake alikuwa Vietnam. Yeye hakuwa na haja na roki. "Hizo ni nyimbo za watoto wa wazungu," aliniambia nilipomwomba tufuatane kwenye maandamano ya kupinga vita vya Vietnam, Jumamosi tarehe 15. Nikaenda peke yangu, nimevaa makoti mawili, na huku naogopa: mgeni mwenye viza ya masomo akikamatwa na polisi, masomo yameisha.

Tangu Alhamisi usiku watu walikuwa wakipita kwa mstari mmoja kutoka upande wa makaburi ya Arlington, wakivuka daraja hadi mbele ya Ikulu. Kila mtu alibeba mshumaa na kibao shingoni chenye jina la askari aliyekufa. Akifika Ikulu alilitaja jina lile kwa sauti, kisha akaenda kukitia kibao kwenye jeneza karibu na jengo la Bunge. Ijumaa nilisimama kando nikawatazama. Hapakuwa na wimbo, ngoma tu, na majina.

Jumamosi ilikuwa kinyume chake kabisa. Uwanja unaozunguka mnara wa Washington ulijaa watu hadi usione nyasi. Polisi walisema robo milioni, waandaaji wakasema nusu milioni. Ikulu ilikuwa imezungushiwa mabasi yaliyoegeshwa pua kwa mkia. Hotuba zilikuwa nyingi na ndefu, na upepo ulikuwa ukizichukua kabla hazijatufikia sisi wa nyuma. Watu waliimba kidogo, wakapiga makofi, wakarudi kusugua mikono.

Ndipo Pete Seeger akapanda jukwaani. Huyu hakuwa mwanamuziki wa roki, alikuwa mzee wa nyimbo za kiasili ambaye miaka miwili kabla televisheni ya CBS ilikata wimbo wake wa kumkejeli mkubwa wa jeshi anayewaingiza askari mtoni. Lakini siku hiyo alichukua wimbo wa John Lennon, "Give Peace a Chance", uliorekodiwa Juni mwaka uleule katika chumba cha hoteli Montreal, Lennon akiwa kitandani na mkewe Yoko Ono. Beti zake ni msururu wa maneno na majina yasiyoshikika kichwani. Seeger hakuhangaika nazo. Alichukua kiitikio peke yake, mstari mmoja unaoomba amani ipewe nafasi, akaurudia.

Mwanzoni haukushika. Mbele waliimba, katikati wakachelewa, na sisi wa nyuma tukasikia sauti zimepishana. Nimekulia Tanga, najua kiitikio kinavyoharibika mwimbishaji akikimbia. Huyu hakukimbia. Aliurudia taratibu, tena na tena, waimbaji wa kundi la Peter, Paul na Mary wakaja kumsaidia, na polepole watu wakaanza kuyumba kushoto na kulia mikono ikiwa juu. Msichana aliyekuwa kando yangu akanishika kiwiko bila kuniomba ruhusa. Nisingeweza kusimama wima hata ningetaka. Katikati ya mistari Seeger akapaza sauti kumuuliza Rais Nixon kama anasikia, kisha Agnew, makamu wake. Ule mstari ukaendelea dakika nyingi, na watu waliokuwa wakitetemeka kwa baridi hawakutaka kuuacha.

Wenye siasa kali hawakuupenda. Kwao, kuomba amani ipewe nafasi ni kama kuipigia serikali magoti, na jioni ile baadhi yao walienda Wizara ya Sheria kurusha mawe. Mabomu ya machozi yakatufuata hadi mitaa ya mbali. Kwa maoni yangu walikuwa sahihi kuhusu maneno, wakakosea kuhusu umati. Wimbo ule ulishika kwa sababu haukudai chochote ambacho bibi mwenye kofia ya sufu asingeweza kukiimba pamoja na kijana mwenye nywele hadi mabegani.

Mwenzangu nilipomsimulia alicheka. "Wimbo haujasema nani anaenda na nani anabaki," akasema, akimaanisha nani anabaki nyuma akiwa salama.

Tarehe 1 Desemba ikachezeshwa bahati nasibu ya kuandikisha askari, tarehe za kuzaliwa zikitolewa moja moja kwenye chombo cha kioo. Ya kwanza ilikuwa 14 Septemba, na vijana waliozaliwa siku hiyo ndio wangeitwa mwanzo. Tulisikiliza redio sebuleni na vijana wengine wa nyumba, na ya mwenzangu ilichelewa sana kutoka, kwa hiyo alikuwa na nafuu. Wiki hiyohiyo alileta santuri ya kundi la roki la Creedence Clearwater Revival, yenye wimbo wa mwimbaji wao John Fogerty unaowasema watoto wa wakubwa wasioenda vitani. Fogerty mwenyewe alishawahi kuvaa sare, katika jeshi la akiba. Mwenzangu aliupiga mara tatu mfululizo, na kwa mara ya kwanza akaniongezea sauti ya roki bila mimi kumwomba.