Nilivyoandika tangazo la usaili wa filamu fupi Bagamoyo

Tangazo nililokabidhiwa nilirekebishe lilikuwa na mistari mitano. Wanatafutwa waigizaji wa filamu fupi, wanaume kwa wanawake, wenye vipaji, malipo ni maelewano, piga namba hii. Anayelisoma hajui kama anayetafutwa ni yeye, hajui atapata shilingi ngapi, na msichana hajui akifika kwenye usaili atamkuta nani mlangoni. Nililiweka pembeni nikaanza na skripti, kwa sababu karibu kila neno la tangazo linatoka humo.

Filamu yenyewe ni ya dakika 14. Bi Mwanaidi anakaanga samaki ufukweni, analea mjukuu wake Rehema, na ananunua samaki kwa mkopo kutoka kwa nahodha mmoja, Salim. Kuna onyesho la nyumbani, la mnada wa samaki, na la ngalawa ambapo Salim anaanguka majini. Basi.

Kwanza nilimtazama Rehema. Skripti ilimpa miaka 11. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na umri wa chini wa mtoto kufanya kazi ni miaka 14, tena iwe kazi nyepesi isiyomkwamisha shule. Nilimwomba mwongozaji ampandishe Rehema hadi miaka 15, akakubali. Mazungumzo mawili tu yalibadilika. Ila hapo likaja la shule. Mwishoni mwa Januari shule zimefunguliwa, kwa hiyo maonyesho yote ya Rehema ilibidi yaangukie Jumamosi na Jumapili. Uamuzi huo mmoja ndio uliopanga ratiba nzima.

Kilichobaki kilipangwa na bahari. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, maji yakipwa yanaenda mbali na ngalawa zinakaa juu ya mchanga. Kwa mnada hilo linapendeza, ila kwa onyesho la mtu kuanguka majini halifai hata kidogo. Nilimfuata nahodha mmoja mzee kabla sijaandika tarehe yoyote. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwambia tunataka Jumatatu asubuhi. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mwezi utakuwa mpevu, hilo ni bamvua. Saa nne asubuhi maji yako yako mbali kule. Njoo alasiri." Nililinganisha na jedwali la maji, likakubaliana naye: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, pwani yetu hujaa mnamo saa 10 alasiri na kupwa mnamo saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50.

Dakika hizo 50 ndizo zinazoharibu mipango ya watu. Onyesho la majini likikosekana Jumatatu, Jumanne maji yanajaa karibu na saa 11, na ukisogeza siku moja zaidi yanajaa jua linapokaribia kuzama. Kwa hiyo siku ya akiba inaweza kuwa moja tu, na mwigizaji anapaswa kuijua tangu kwenye tangazo, asije akajifunga na kazi nyingine. Sehemu ya tarehe ikawa hivi:

"Usaili: Jumamosi 10 na Jumapili 11 Januari 2026, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mazoezi: Jumamosi 24 na Jumapili 25 Januari. Kurekodi: Jumamosi 31 Januari nyumbani, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Jumapili 1 Februari mnadani, saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana. Jumatatu 2 Februari kwenye ngalawa, saa 7 mchana hadi saa 12 jioni. Jumanne 3 Februari ni siku ya akiba ya onyesho la ngalawa tu."

Saa niliziandika kwa Kiswahili na neno la wakati likafuata kila mara: asubuhi, mchana, alasiri, jioni. Ukiandika "saa 9:00" peke yake, mmoja atakuja asubuhi kwa kufuata simu yake na mwingine atakuja alasiri kwa kufuata lugha yake, na wote wawili watakuwa sahihi. Mwaka nao usiuache. Tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa miezi, na "Jumamosi tarehe 10" isiyo na mwaka inamtoa mtu Chalinze kuja kwenye usaili uliokwisha zamani.

Kuhusu nafasi niliandika kile mtu atakachofanya, si sura yake. "Mrembo, mweupe, mwenye mvuto" havimsaidii anayesoma wala anayesaili. Bi Mwanaidi: mwanamke wa miaka 45 hadi 60, awe anaweza kukaa karibu na jiko la kuni kwa saa moja akizungumza bila kusoma karatasi. Rehema: msichana wa miaka 15 hadi 17, aje na mzazi au mlezi. Salim: mwanamume wa miaka 25 hadi 40, lazima ajue kuogelea, na awe tayari kuanguka majini mara tatu au nne akiwa na nguo. Watu wa mnadani: kumi, wake kwa waume, miaka 18 na kuendelea, hawana maneno. Nilisema wazi pia kwamba uzoefu hauhitajiki. Bagamoyo ina chuo cha sanaa, TaSUBa, na mvuvi akiona tangazo la maigizo anadhani linawahusu waliosomea huko, hivyo asipoambiwa hatajitokeza.

Malipo yalichukua muda mrefu kuliko yote. Neno "posho" lilikuwamo kwenye rasimu nikalifuta, kwa sababu mmoja analisoma kuwa ni ya siku na mwingine ya kazi nzima, na ugomvi unaanza siku ya mwisho. Niliandika kiwango cha siku, idadi ya siku, kisha jumla, ili mtu aweze kupiga hesabu mwenyewe:

"Siku ya kurekodi sh. 100,000, siku ya mazoezi sh. 30,000. Bi Mwanaidi: kurekodi siku 3, mazoezi siku 2, jumla sh. 360,000. Rehema: kurekodi siku 2, mazoezi siku 2, jumla sh. 260,000. Salim: kurekodi siku 2, mazoezi siku 2, jumla sh. 260,000. Siku ya akiba ikitumika, Salim analipwa sh. 100,000 nyingine; isipotumika analipwa sh. 50,000 kwa kuwa tulimzuia. Mtu wa mnadani sh. 25,000. Nusu inalipwa siku ya kusaini mkataba, nusu siku ya mwisho kabla hujaondoka, kwa simu au taslimu, na ada ya kutolea ni juu yetu. Watu wa mnadani wanalipwa yote siku hiyohiyo. Chakula na maji vipo. Nauli ya siku za mazoezi na kurekodi tunalipa. Nauli ya usaili hatulipi. Hakuna ada ya fomu wala ya usajili."

Sentensi ya nauli ya usaili ilipingwa na mtayarishaji, akisema itafukuza watu. Kweli itawapunguza, lakini anayetoka Dar akiamini atarudishiwa nauli, halafu akaambiwa hapana, amedhulumiwa na ukimya wa tangazo. Sentensi ya ada nayo ina kazi yake. Matapeli hunakili tangazo la kweli, hubadilisha namba ya simu, kisha huomba elfu kumi ya fomu. Tangazo halisi likisema hakuna ada, anayeombwa pesa anashtuka mapema.

Usalama sikuutia kwenye maneno kama "usalama umezingatiwa". Hayo hayamwambii mtu kitu. Nilijiuliza ni wapi mtu anaweza kuumia au kudhalilishwa, nikaandika kitakachofanyika hapo. Pa kwanza ni usaili wenyewe. Unafanyika darasani mchana, mlango wazi, wasaili wawili na mmoja wao ni mwanamke. Hakuna usaili wa lodge, wa nyumbani kwa mtu, wala wa usiku, na hakuna anayeombwa picha za mwili kwa simu. Aliye chini ya miaka 18 haingii bila mzazi au mlezi, na mlezi huyo anakaa naye siku zote za kurekodi, nauli na chakula chake juu yetu. Rehema hapandi ngalawa.

Pa pili ni kofi ambalo Bi Mwanaidi anampiga Salim. Tangazo linasema kofi halimgusi mtu. Kamera inakaa nyuma ya bega lake, sauti inawekwa baadaye. Linasema pia filamu haina busu wala mtu kuvua nguo. Mtu anayejiuliza kama familia yake itamruhusu anahitaji kulijua hilo akiwa kwao, si akiwa ameshavaa vazi la uhusika.

Pa tatu ni bahari, na hapa niliandika kwa kirefu kwa sababu Januari na Februari ni msimu wa kaskazi, na upepo huongezeka alasiri, saa zilezile maji yanapojaa. "Ngalawa inafungwa kwa nanga mahali maji yanapofika kifuani, haitweki tanga. Ndani ni watu watatu tu: Salim, nahodha mwenye chombo na mpiga picha. Wote wanavaa jaketi la kuokolea hadi chombo kitulie. Salim anavua lake wakati wa kuanguka tu. Waogeleaji wawili wanakaa majini pande zote mbili, na boti ya injini inasubiri karibu. Nahodha akisema upepo umezidi, tunasimama, na malipo ya siku hayapungui." Maneno ya mwisho ni ya lazima. Mwigizaji anayejua siku ikikatika anakosa pesa atasema yuko sawa hata akiwa anatetemeka.

Uwezo wa kuogelea hatukuupima kwa kuuliza. Kila aliyeomba nafasi ya Salim aliambiwa kwenye tangazo kwamba ataogelea mita 50 sambamba na ufukwe, maji ya kifuani, waogeleaji wakiwa kando yake. Wapo wanaojua maji tangu utotoni lakini hawawezi kuogelea wakiwa na suruali na shati, kwa hiyo jaribio lilikuwa ni kwa nguo.

Mwisho niliweka mambo ya kuumia na kulalamika: sanduku la huduma ya kwanza, gari linalosubiri kwenda Hospitali ya Wilaya, gharama za matibabu ya ajali ya kazini zinalipwa na mtayarishaji, na namba ya mwanamke mmoja wa kupokea malalamiko ambaye si mwongozaji wala mtayarishaji. Kuhusu kibali cha Bodi ya Filamu niliandika hali ilivyokuwa siku ile: kimeombwa, na hakuna kurekodi kabla hakijatoka.

Lilitoka refu kuliko karatasi moja. Bango la picha likitumwa mara kadhaa kwenye simu maandishi madogo hufifia, hivyo bango lilibeba nafasi, jumla za malipo, tarehe na namba tu, na chini yake likatumwa tangazo zima kama maandishi ya kawaida. Ofisini kwa mtaa na kwenye ubao wa sokoni tulibandika lote, kwa herufi kubwa.

Nafasi zilipojaa tarehe 14 Januari, kila aliyesailiwa alipata ujumbe, aliyepata na aliyekosa. Kisha nilituma tangazo lilelile kwenye makundi yaleyale, mstari wa juu ukisomeka "NAFASI ZIMEJAA, USAILI UMEFUNGWA", na karatasi za ubaoni nikaenda kuzibandua.