Maji Tuliyoyachemsha Yalikuwa Yakiharibikia Ndani ya Nyumba

Kila niliyemwomba ushauri wakati taifodi ilipokuwa ikiizunguka nyumba yangu aliniambia jambo lile lile: chemsha maji. Nami nilikuwa nikiyachemsha. Nina mgahawa mdogo karibu na soko la Mpondwe, hapa wilayani Kasese, Uganda, mpakani na Kongo, na sufuria ya maji ya kunywa haikutoka jikoni kwangu kabla haijatokota. Hata hivyo kijana wangu alilala na homa iliyopanda siku hadi siku, kichwa kikimuuma na tumbo likimsokota. Alipopata nafuu akafuata dada yake, kisha msichana anayenisaidia kazi. Katika zahanati moja ya binafsi tuliambiwa tu kwamba tunachemsha vibaya, tukapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Ushauri huo ulitupotezea muda mrefu, na bado nawasikia watu wakipewa huo huo, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Hapa Kasese taifodi si homa ya kuchezea. Mlipuko wa mwaka 2008 na 2009 ulijulikana kwa idadi kubwa ya wagonjwa waliotoboka utumbo na kulazimika kupasuliwa, na wenye umri wa kutosha wanaukumbuka. Kwa hiyo sikutaka kusubiri mgonjwa wa nne.

Aliyenifungua macho ni mhudumu wa afya wa kijiji, mama mwenye subira, ambaye hakuanza kwa kunilaumu. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, baada ya kuchemka, maji yanakwenda wapi?" Nikamwonyesha. Yalipoa ndani ya sufuria, yakamiminwa katika mtungi wa udongo wenye kifuniko, na juu ya kifuniko palikuwa na kikombe cha plastiki chenye mkono mfupi. Kila mwenye kiu alifunua, akachovya kikombe, akanywa, akakirudisha. Wateja walichotewa kwa kikombe hicho hicho.

Siku iliyofuata alikuja na chupa ndogo za kupimia, zile zenye karatasi iliyolowekwa dawa ndani yake. Unatia maji, unafunga, unaiweka mahali penye joto kwa siku moja au mbili. Maji yakigeuka meusi, kuna dalili kubwa kwamba yamegusana na kinyesi. Alinieleza wazi kwamba kipimo hicho hakisemi kama ni taifodi au kipindupindu, wala hakikosi kukosea mara moja moja, lakini kwa kulinganisha sehemu mbili za nyumba moja kinatosha. Tulijaza chupa moja kutoka kwenye sufuria yenyewe, maji yakiwa yamepoa chini ya kifuniko, nyingine kutoka kwenye mtungi ule ule uliojazwa asubuhi, na ya tatu kutoka kwenye bomba la kijiji tunakochota. Tukazipanga kwenye rafu karibu na jiko, na watoto wakakatazwa kuzigusa.

Chupa ya sufuria ilibaki nyeupe mpaka mwisho. Ya bomba iliingia weusi kidogo kidogo. Ya mtungi ilikuwa nyeusi kama masizi kabla hata ya ile ya bomba. Niliitazama kwa muda mrefu, kwa sababu ilimaanisha kwamba maji niliyoyalipia makaa yalikuwa yakitoka jikoni safi, na kufikia jioni yamekuwa machafu kuliko yalivyotoka bombani.

Mhudumu alinieleza mlolongo wenyewe taratibu. Kimelea cha taifodi makao yake ni mwili wa binadamu peke yake. Hakitoki kwa ng'ombe wala kwa kuku. Kinatoka na kinyesi cha mtu, na wakati mwingine na mkojo, na mtu huyo anaweza kuwa amekwisha pona. Aliyeugua anaweza kuendelea kukitoa kwa wiki kadhaa, na wachache hubaki nacho kwenye kibofu cha nyongo kwa miaka bila kuumwa chochote. Mtu kama huyo akitoka chooni bila kunawa kwa sabuni, akashika kikombe cha kuchotea, vidole vyake vinagusa maji ya nyumba nzima. Na kwa kuwa homa huanza wiki moja hadi tatu baada ya kumeza kimelea, hakuna anayekumbuka alikunywa wapi. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote ndani yake: moto umeua vilivyokuwamo, lakini kitakachoingia baadaye hakina cha kukizuia.

Kwa hiyo kuchemsha kulikuwa sawa, na dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha huku kwetu bondeni. Kilichokosekana ni chombo ambacho mkono hauwezi kuingia. Niliwaza kununua vyombo vya dukani, bei ikanishinda, nikajitengenezea. Nilichukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana na koki ya plastiki ya aina wanayouza mafundi wa bomba, ambayo haikunigharimu zaidi ya bei ya sahani chache za wali na maharage. Tundu la koki nalitoboa kwa kipande cha bomba la chuma kilichopashwa moto, upana wake ukiwa mdogo kidogo kuliko uzi wa koki, ili koki iingie kwa kuzungushwa kwa nguvu; mpira mmoja unakaa ndani, mwingine nje. Ujanja ambao fundi hakuniambia ni huu: tundu liwe juu ya sakafu ya ndoo kwa upana wa vidole vitatu hivi, ili mashapo yabaki chini na kikombe kipate nafasi ya kukaa chini ya koki bila mdomo wake kuigusa. Ndoo ikakaa juu ya kigoda, mfuniko ukafungwa kwa kamba, na kikombe cha kuchovya kikaondoka jikoni kabisa. Tulipopima tena kwa chupa, maji ya koki yalibaki meupe.

Ningeishia hapo kama mvua kubwa hazingekuja, pamoja na habari za kipindupindu katika vijiji vya jirani. Kipindupindu kinakwenda kwa kasi nyingine. Mtu anaweza kuanza kuharisha maji meupe kama ya mchele saa chache tu baada ya kunywa, au kwa kuchelewa sana siku tano, na walio wengi wanaoambukizwa huumwa kidogo au hawaumwi kabisa, ila wanakitoa chooni kwa siku kadhaa. Mvua hukichukua kutoka vichakani na kwenye vyoo vilivyofurika na kukipeleka tunakochota. Katika kijiji cha Kaiso, wilaya ya Hoima, mwezi Oktoba 2015, wachunguzi waliufuata ugonjwa mpaka mahali pa kuchotea maji ukingoni mwa Ziwa Albert, ambapo korongo lilikuwa likishusha uchafu wa mlimani kila mvua iliponyesha. Mwaka huo huo hapa wilayani kwetu, Katwe nako ugonjwa ulifuatwa mpaka kwenye maji ya kuchota ziwani.

Makaa yalipanda bei kwa sababu ya mvua, nikaamua kutumia klorini. Hapo ndipo nilipopata ushauri mbaya wa pili. Bomba lilikuwa likitoa maji ya rangi ya chai, na jirani akasisitiza kwamba kidonge kimoja kwa jerikeni kinatosha maji yoyote. Mwingine akasema nitie shabu, maji yakiwa meupe basi ni salama. Mhudumu alikuwa na kipimo kidogo cha klorini: bomba dogo la kioo, kidonge kinachosagwa ndani, na rangi ya waridi inayotokea kama bado kuna klorini iliyo huru majini. Tulitia kwenye jerikeni kidonge cha klorini cha miligramu 67, ambacho kimetengenezwa kwa lita 20 za maji maangavu, tukasubiri nusu saa. Hakukuwa na rangi hata kidogo. Tukaongeza cha pili, tukasubiri tena. Waridi ikaonekana kwa mbali sana, na kufikia jioni ilikuwa imetoweka. Tope na majani yaliyooza yalikuwa yameila klorini yote kabla haijagusa kimelea, na vimelea vingine hujificha ndani ya chembe za tope. Maji ya shabu nayo tuliyajaribu: yalimetameta vizuri, lakini yalipotiwa kwenye chupa ya kupimia bila klorini, yaligeuka meusi. Shabu huangusha tope chini. Usitegemee iue vimelea.

Kilichofaa kilikuwa kupanga kazi hatua kwa hatua. Maji ya bomba yanalala usiku mzima katika pipa bila kutikiswa. Asubuhi nayamimina polepole, nikiacha mashapo chini, yakipita katika kitenge safi kilichokunjwa mara nne. Kidonge kimoja kinafuata kama maji yanaangaza, viwili kama bado yana ukungu, kisha nusu saa ya kusubiri kabla ya mtu yeyote kunywa. Kwa utaratibu huo kipimo kilitoa waridi ya wazi, na siku ya pili asubuhi rangi bado ilikuwapo. Hiyo ndiyo faida ambayo moto hauna: klorini iliyobaki inaendelea kulinda maji ndani ya ndoo. Baada ya saa 24 lakini siiamini tena, namwaga kilichobaki kwenye maji ya kufulia.

Wenzangu wanaouza juisi naomba wanisikilize hapa. Mlipuko mkubwa wa taifodi wa Kampala mwaka 2015 ulihusishwa na maji na vinywaji vya kuuzwa mitaani, juisi ikiwamo. Nilimwona mwenzangu mmoja akitia dawa ya maji ndani ya ndoo ya juisi ya pasheni iliyokwisha changanywa, akiamini ameisafisha. Tulipojaribu kwangu, tuliyapima kwanza maji yaliyotiwa dawa, yakawa na waridi nzuri. Tulipoyatia juisi ya limau kidogo na kupima tena, rangi haikutokea kabisa. Juisi ya matunda huimaliza klorini pale pale. Kwa hiyo maji yatibiwe peke yake, yasubiri nusu saa, ndipo yachanganywe na matunda yaliyooshwa kwa maji hayo hayo, na barafu igandishwe kutoka kwenye maji hayo. Barafu ya maji ghafi inarudisha ugonjwa ndani ya bilauri, kwa sababu baridi haiui vimelea hivi.

Msichana wangu wa kazi sikumrudisha kukata kachumbari mara tu homa ilipokwisha. Alifanya kazi ya kuosha sakafu na kupokea fedha mpaka hospitali ilipompima choo zaidi ya mara moja na kutomkuta na kimelea. Nguo za wagonjwa tulizifua kwa maji ya klorini nyumbani na kumwaga maji yake chooni, wala hatukuzipeleka mtoni Lhubiriha ambako wengine wanachota. Koki ya ndoo naifungua kila wiki, naisugua ndani kwa sabuni na brashi ndogo, kwa kuwa utelezi unaoota pale ndani hula klorini kama tope linavyoila, na ndoo inayotoa waridi hafifu kuliko kawaida mara nyingi inadai kusuguliwa kabla ya kuongezewa kidonge.